Saa Tisa ya Baba

Wenzake kazini walimpachika jina la Kengele, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Dakika kumi kabla ya mkutano, Kengele huyo kwenye simu yako. Dakika tano kabla, Kengele tena. Ukichelewa, usiulize, utamsikia tu. Walikuwa watu tisa waliotawanyika kila upande wa dunia, wakiangalia mfumo wa kukatia tiketi za treni usilale hata dakika moja, na kila siku ya kazi walikutana kwenye skrini kwa saa nzima kukabidhiana zamu: nini kimeharibika, nani amekirekebisha, nani anaendelea nacho. Kazi ya Kengele ilikuwa kuhakikisha hao tisa wanaonana. Kazi ndogo ukiisikia. Jaribu wewe uone kama hutaota mvi.

Alifanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa stoo zamani, meza moja na dirisha moja. Ukutani kulikuwa na mlango mwembamba wa mbao, na upande wa pili wa mlango huo alilala baba yake.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka thelathini ndiye aliyepanga ratiba ya shule, vipindi arobaini kwa wiki, madarasa kumi na sita, walimu wasiokuwa na simile, na hakuna siku walimu wawili waligongana darasani. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia na unamla polepole. Asubuhi alikuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kuanzia saa kumi alasiri alianza kuhangaika, anatafuta viatu, anataka apelekwe nyumbani, na ukimwambia hapa ndipo nyumbani anakutazama kama tapeli. Lakini katikati hapo, akishakula na kulala usingizi wake wa mchana, aliamka saa tisa kasoro, na kwa saa moja tu, jamani, alikuwa yeye. Alimjua binti yake. Alimtania. Alimwita "mama", kama alivyomwita tangu mdogo, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. "Wagonjwa wengi huwa na saa yao nzuri. Huyu yake ni hiyo. Mzoesheni, kila siku kitu kilekile, mtu yuleyule. Mazoea ndiyo yatakayomshikilia. Itafika siku na hiyo itaondoka, lakini msiiharakishe."

Bahati ilikuwa upande wao, maana mkutano wa Kengele ulianza saa nane na kwisha saa tisa. Alifunga kompyuta, akafungua mlango mwembamba, akaingia na vikombe viwili vya chai. Baba ameketi kitandani, shati limefungwa vifungo vyote, saa ya mkononi iko mkononi.

"Wamekuachia hao wakubwa zako?"

"Wameniachia, Baba."

"Haya, kaa. Nipe habari za treni."

Miezi saba mfululizo ilikuwa hivyo. Shangazi, dada yake Baba aliyehamia hapo kusaidia kuuguza, alikuwa akisema saa ile ndiyo inayomlisha kaka yake, chakula ni mbwembwe tu.

Basi, ikaingia wiki ya mwisho ya Oktoba. Meneja, aliyekaa ofisi kuu, akamwandikia Kengele ujumbe wa mstari mmoja: Jumapili tunarudisha saa nyuma, tafadhali waeleze wote, mwaka jana watatu walipotea.

Ni kweli walipotea. Mmoja aliwahi kwa saa moja akakaa peke yake anajitazama kwenye skrini, wawili wakawahi kwa saa mbili, wakachoka kungoja wakaondoka. Kengele aliapa haitatokea tena. Alianza kuandika barua pepe mchana wa Jumatano, na saa tisa ilipogonga hakuwa amemaliza, akaibeba kompyuta mpaka kwa Baba.

"Leo umekuja na mzigo," Baba akasema.

"Barua ya kazini, Baba. Nikusomee?"

"Soma. Ukikosea nakuchapa."

Akasoma: "Ndugu zangu, Jumapili hii ofisi kuu wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Sisi wengine saa zetu hazibadiliki. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mkutano kwetu utawahi kwa saa moja. Kwangu mimi, badala ya saa nane utakuwa saa saba..."

"Hee! Ngoja hapo." Mzee akainua kidole kama yuko mbele ya ubao. "Utawahi?"

"Si wanarudisha nyuma?"

"Ndiyo maana watu wanapotea. Wewe mwenyewe umepotea na bado unaongoza wenzako. Tazama hapa." Akaivua saa yake ya mkononi, ile yenye mkanda uliochakaa, akaiweka juu ya shuka. "Hii iwe saa ya hao wakubwa. Ile ya ukutani ni yetu, hatuigusi. Ukutani inasemaje?"

"Saa tisa na robo."

"Kwao?"

"Saa saba na robo. Wako nyuma yetu kwa saa mbili."

Baba akavuta kifungo cha saa, akazungusha mishale hadi saba na robo. Vidole havikukosea. "Mkutano kwao ni saa ngapi?"

"Saa sita kamili mchana. Haubadiliki. Sheria ni kwamba unafuata saa ya ofisi kuu."

"Vizuri. Saa hizi kwao saba na robo, mkutano umekwisha, ndiyo maana uko hapa unanisumbua. Sasa Jumapili imefika, wamerudisha." Akazungusha mshale mkubwa mzunguko mmoja kurudi nyuma. "Soma."

"Kwao saa sita na robo."

"Na ukutani?"

"Ni ileile. Saa tisa na robo."

"Basi hawakuwahi, wamechelewa. Saa sita yao zamani ilitufikia hapa saa nane, sasa inatufikia saa tisa. Umenielewa, mama? Andika utachelewa. Toa hiyo utawahi, utawaaibisha watu."

Kengele akacheka mpaka akapenga kamasi. Miezi mingi hakuwa amemwona hivi, mwalimu mzima, na chaki ingekuwepo angemrushia. Akafuta neno, akaandika lile jingine. Baba alikuwa bado anaitazama saa iliyo juu ya shuka, halafu ile ya ukutani, halafu ile ya shuka tena.

"Saa sita na robo," akasema taratibu. "Mkutano ndio kwanza umeanza. Na ukutani saa tisa na robo." Akainua macho. "Sasa wewe saa tisa utakuwa wapi?"

Kengele akaacha kuandika. Tangu Meneja atume ujumbe wake alikuwa anahesabu saa za watu wote isipokuwa hiyo.

"Nitakuwa hapa hapa, Baba."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani."

Mzee akaivaa saa yake kama ilivyo, na mishale yake ya ofisi kuu. Kengele akaona, akajisemea ataisahihisha baadaye, na baadaye haikufika.

Jioni hiyo alirudi mezani na kuimaliza barua. Ilikuwa barua nzuri, tusimnyime haki yake. Alieleza kwamba kalenda za kwenye kompyuta zitajirekebisha zenyewe, kwa kuwa mwaliko umefungwa kwenye saa ya ofisi kuu, lakini yeyote aliyeandika saa kwenye karatasi ukutani aichane. Akaweka orodha: ofisi kuu, saa sita mchana, kama kawaida. Fundi wa data, aliyekuwa anakutana nao saa tano asubuhi, sasa saa sita mchana. Kengele mwenyewe, kutoka saa nane hadi saa tisa. Mchoraji wa kurasa za mfumo, aliye mbali mashariki, kutoka saa kumi jioni hadi saa kumi na moja. Na itakuwa hivyo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, watakaporudi mbele.

Mwishoni akaongeza mstari mmoja: "Ningeomba, kama inawezekana, msimu huu tuufunge mkutano kwenye saa yetu tusiobadilika, yaani ofisi kuu wakutane saa tano asubuhi, kwa sababu saa tisa namwuguza baba yangu."

Akausoma. Akausoma tena. Halafu akamkumbuka Mchoraji.

Mwaka uliopita Mchoraji aliomba jambo hilohilo. Mkewe alikuwa kazini hadi usiku, na chekechea ya mtoto wao ilifungwa saa kumi na moja. Aliandika kwa heshima zote, ndugu yangu Kengele, nisaidie. Na Kengele alimjibu mbele ya wote: "Mkutano unafuata saa ya ofisi kuu. Tukianza kumsikiliza kila mmoja hatutakutana hata siku moja." Alikuwa ameridhika kweli na jibu lile. Miezi mitano Mchoraji akahudhuria mikutano akiwa nje ya geti la chekechea, simu mkononi, mtoto begani analia.

Leo yeye ndiye aombe? Kwa uso upi? Na hapo hapo mkataba wake unaangaliwa upya Januari. Akakaa na kidole juu ya kitufe mpaka chai ikapoa. Siku mbili za wiki zitabaki, alijiambia, Jumamosi na Jumapili. Miezi mitano si miaka. Akaufuta mstari, akatuma barua.

Majibu yakaja ya kumsifu. Mwaka huu tumeelewa, aliandika Fundi wa data, hata mimi mwenye kichwa kigumu. Mchoraji alituma neno moja, "Sawa", na Kengele akalitazama neno hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa.

Jumatatu, watu wote tisa walikuwa kwenye skrini saa sita kamili ya ofisi kuu. Hakupotea hata mmoja. Meneja akampongeza mbele ya wote. Saa tisa na dakika tano Kengele akasikia kitanda kikilia upande wa pili wa mlango, halafu sauti ya Baba, nzima kabisa, sauti ya saa yake nzuri.

"Mama? Chai leo iko wapi?"

Akakizima kipaza sauti chake, lakini uso ukabaki kwenye skrini. Shangazi akaingia kwa mlango mwingine. "Yuko mkutanoni, kaka. Akimaliza anakuja."

"Aa. Mkutanoni. Sawa."

Alipomaliza saa kumi akakimbia na vikombe viwili. Baba alikuwa chini anatafuta viatu.

Alijaribu kila njia, asimlaumu mtu. Alijaribu kumwamsha saa nane kasoro ili wapate saa yao mapema. Baba akaamka na hasira, akamsukuma, siku nzima hakumjua mtu, na Shangazi akamwakia: "Usimfanyie mtu wa watu hivyo! Mwili wake hauna kitufe cha kuzungushia." Alijaribu kumlisha mapema ili alale mapema. Mzee akala, akakaa macho, akalala wakati wake uleule. Saa ya ofisi kuu ilirudishwa usiku mmoja na dunia ikaitikia. Ya Baba haikusogea hata nukta.

Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa tisa, yule mwalimu aliamka upande wa pili wa ubao mwembamba, akamuulizia binti yake, akaambiwa yuko mkutanoni. Mwanzoni aliuliza mara tatu nne. Ikafika Desemba akawa haulizi. Anaitazama saa ya mkononi, ile aliyoizungusha mwenyewe, ambayo hakubali kuivua ila akienda kuoga, inamwonyesha saa sita na dakika kadhaa, naye anajijibu: "Yuko mkutanoni." Anakaa, mikono magotini, anautazama mlango mwembamba mpaka fahamu zinamwondoka tena.

Jumamosi na Jumapili Kengele aliingia saa tisa kamili. Novemba bado walicheka. Desemba Baba alimtazama kwanza, kitambo, kabla ya kusema "Ee, mama, ni wewe." Februari alisema karibu, akampisha mahali pa kukaa, na adabu ile ilimuuma Kengele kuliko tusi. Siku mbili hazikutosha kushikilia kamba iliyokuwa inavutwa siku tano.

Shangazi hakumung'unya maneno. "Waambie hao watu wako."

"Niwaambie nini, Shangazi? Kwamba sheria ni ya wengine?"

"Waambie baba yako anaondoka. Hiyo ni lugha ngumu?"

Mkataba wake Januari ulipita bila hata swali. Angeweza kusema siku hiyo. Hakusema. Miezi miwili imekwisha, alijiambia, nimeshazoea, bado mitatu tu. Akahesabu siku kwenye karatasi kama mfungwa.

Machi ikafika. Wiki ya mwisho Kengele alikaa kuandika barua ya pili, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumsahihisha. "Ndugu zangu, Jumapili hii ofisi kuu wanapeleka saa zao mbele kwa saa moja. Mkutano kwao unabaki saa sita mchana. Kwetu tusiobadilika utawahi kwa saa moja na kurudi pale ulipokuwa: kwangu saa nane, kwa Fundi wa data saa tano asubuhi, kwa Mchoraji saa kumi jioni." Vidole vilikuwa vinataka kuandika kingine, na mara hii akaviachia. "Nawashukuru kwa uvumilivu. Mimi binafsi nimeisubiri sana Jumatatu hii. Baba yangu anaumwa ugonjwa wa kusahau, na saa tisa ndiyo saa pekee anayonitambua. Mchoraji, mwaka juzi nilikujibu vibaya. Nisamehe." Akatuma kabla hajajishika.

Meneja alimpigia simu hazijapita dakika kumi.

"Kengele, kwa nini hukusema?"

"Sheria ni..."

"Sheria gani? Ile ya saa sita? Niliichagua mimi siku tulipoanza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na nafasi saa sita. Hapa saa tano watu wanakunywa kahawa na kupiga soga. Ungesema mstari mmoja tungehamisha siku hiyohiyo."

Kengele akashukuru, akaaga. Ukutani saa ilikuwa inakwenda, tik, tik. Baada ya kukata simu akakuta ujumbe wa Mchoraji. "Dada, yalikwisha zamani, mtoto kaanza hata shule. Pole sana kwa mzee. Ungeomba, mimi ningekuwa wa kwanza kukuunga mkono." Hapo ndipo alipolia, kilio cha kweli, paji la uso juu ya meza, mpaka Shangazi akaja kumshika mabega.

Jumatatu mkutano ulikwisha saa tisa kamili. Wote walimuaga upesi, "nenda, nenda", hata Meneja. Akafunga kompyuta, akachemsha chai, akachana nywele kama anayekwenda kuposwa, na saa tisa na dakika kumi akafungua mlango mwembamba.

Baba alikuwa ameketi kitandani. Shati limefungwa vifungo vyote. Macho yalikuwa mazuri, maangavu, yale ya saa yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu, dada, karibu ukae. Chai yote hiyo?"

"Yako na yangu."

"Ahsante. Mimi ningoje kwanza." Akainua mkono, akasoma saa yake. "Saa sita na dakika kumi. Binti yangu yuko mkutanoni saa hizi. Akitoka ndiyo tunakunywa."

Kengele akatua vikombe kwenye stuli kabla havijamwagika. Barua mbili alizoandika, watu tisa wote wakasogea pamoja, na saa hii moja hakuna aliyeisogeza. Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Naomba mkono, Baba. Hii saa inatakiwa isogee. Ofisi kuu wamepeleka mbele."

"Wamepeleka mbele?" Mwalimu akavutiwa. Akautoa mkono. "Kwa saa moja?"

"Kwa saa moja." Akavuta kifungo, akazungusha mshale mkubwa mzunguko mmoja, polepole, ili aone. "Soma."

"Saa saba na dakika kumi."

"Mkutano ni saa sita. Kwa hiyo?"

Baba akakunja paji, akapiga hesabu, na uso mzima ukafunguka. Miezi mitano Kengele hakuwa ameuona uso huo.

"Kwa hiyo umekwisha!" akasema. "Ametoka!"

"Ametoka, Baba."

"Basi anakuja sasa hivi." Akajiweka sawa kitandani, akanyoosha kola, akamwomba kwa upole yule mwanamke aliyepiga magoti mbele yake asogee kidogo pembeni, amemzibia mlango.

Kengele akasogea.